Bei zenu ziko juu: kuiandika upya barua pepe iliyokataliwa

Jibu lilikuwa la sentensi mbili: "Asante kwa ujumbe. Bei zenu ziko juu, na tayari tuna mtu anayetuletea mabati." Lilitoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bunia, Kongo, likamkuta kijana wetu wa mauzo hapa Ndeeba, Kampala, chai yake haijapoa. Bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Alifunga kompyuta, akaifungua, akasoma tena kama vile maneno yangebadilika. Kisha akamgeukia Hajati.

"Mama, nimwombe radhi?"

"Umemkosea nini?"

Hajati anauza mabati tangu enzi za ankara za karatasi ya kaboni. Mimi ni mhasibu wa duka hilohilo, na meza yangu iko katikati ya meza zao, kwa hiyo somo lote lilipita juu ya kichwa changu na sehemu moja ilinihusu mwenyewe. Naliandika hapa kwa mpangilio aliolifundisha, kwa sababu wauzaji wengi wanaowaandikia wanunuzi wa Kongo, Sudan Kusini au hata Bukoba wanakataliwa kwa jambo lilelile, halafu wanakimbilia kupunguza bei.

Hii ndiyo barua iliyokataliwa:

> Mada: MABATI BORA KABISA KWA BEI NAFUU!!!
>
> Mheshimiwa, kampani yetu ni miongoni mwa kampani zinazoongoza kwa kuuza mabati ya aina zote Uganda na ukanda mzima. Tuna mabati ya rangi, mabati meupe, misumari na mabomba. Ubora wetu hauna mpinzani. Bei ya bati jeupe geji 30, mita 3, ni shilingi 41,300 pamoja na VAT. Tafadhali fungua orodha yetu uliyoambatanishiwa utuambie unahitaji nini. Tunatarajia kufanya biashara na wewe.

Orodha yenyewe ilikuwa faili la PDF la megabaiti 14. Tuendelee.

Hatua ya kwanza: soma jibu lake kabla ya kuisoma barua yako

Kijana alitaka kuanza kurekebisha barua papo hapo. Hajati akamzuia, akamwambia asome lile jibu kwa sauti, polepole.

"Amekataa nini?"

"Mabati yetu."

"Hapo pameandikwa wapi?"

Palikuwa hapajaandikwa. Mtu wa Bunia alisema mambo mawili: bei iko juu, na ana anayemletea. Hakusema hahitaji mabati. Hakusema msimwandikie tena. Angesema hivyo, Hajati angefuta anwani yake na kwenda zake, maana mnunuzi anayesumbuliwa huwaambia wenzake. Na kujibu tu kwenyewe ni habari: barua ilifika kwa mtu mwenyewe, na aliisoma mpaka penye bei.

Mtu anayesema bei iko juu ana bei nyingine kichwani, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Kuhusu yule anayemletea, Hajati alitoa amri moja: usimseme. Huenda ni shemeji yake, huenda ni mtu aliyemkopesha mzigo mwaka ule mambo yalipokuwa mabaya. Ukimsema vibaya, unamlazimisha mnunuzi amtetee, na akishamtetea umekwisha. Kinachoweza kujibiwa kwa ushahidi ni bei. Basi jibu bei.

Hatua ya pili: piga hesabu upya kabla ya kugusa neno lolote

Hapa ndipo Hajati alipogonga meza yangu kwa kalamu. "Mhasibu, mzigo wa kwenda Bunia unatozwa VAT?"

Hautozwi. Kodi ya ongezeko la thamani hapa Uganda ni asilimia 18, lakini bidhaa inayouzwa nje ya nchi hutozwa kwa kiwango cha asilimia 0, mradi muuzaji ana hati za forodha zinazothibitisha kwamba mzigo ulitoka kweli. Kijana alikuwa amechukua bei ya ubao wa dukani, bei ya fundi anayejenga Entebbe, akampelekea mtu ambaye hapaswi kuilipa kodi hiyo. Mshindani anayejua kazi yake alikuwa tayari amempita kwa kiasi chote cha kodi hiyo bila kupunguza faida yake hata senti.

Kuitoa VAT kwenye bei nako kuna mtego. Kijana alichukua simu akatoa asilimia 18 ya 41,300, akapata 33,866. Akafurahi. Hilo ni kosa ambalo nimelikuta hata kwenye ankara za watu wenye vyeti. Ile 41,300 tayari ni asilimia 118 ya bei halisi, kwa hiyo haitolewi, inagawanywa:

```
41,300 / 1.18 = 35,000
```

Tofauti ya 35,000 na 33,866 ni shilingi 1,134 kwa bati moja. Kwa lori la mabati 600 ni shilingi 680,400 ambazo kampani ingezigawa bure kwa sababu ya kubonyeza kitufe kisicho chake.

Kisha kuna shilingi yenyewe. Wafanyabiashara wa Bunia hupiga hesabu za mzigo wa nje kwa dola. Ukimpa bei kwa shilingi ya Uganda, unampa kazi ya kubadilisha, na anayebadilisha kwa tahadhari hubadilisha kwa kiwango kinachomlinda yeye, si wewe. Siku hiyo benki yetu ilikuwa kwenye shilingi 3,500 kwa dola. Elfu thelathini na tano ikawa dola 10 kamili.

"Sasa mwambie dola 10," kijana akasema.

"Dola 10 wapi?" Hajati akauliza. "Hapa Ndeeba? Yeye yuko Bunia. Bati lililoko Ndeeba halimwezekei paa."

Mzigo wa Bunia hupanda kwa njia ya Karuma na Pakwach, hupita Nebbi, huingia Goli mpakani, na ng'ambo ni Mahagi. Mnunuzi anataka kujua bei mahali ambapo anaweza kuupokea. Hajati alimpigia dereva tunayemfahamu, akapata shilingi 2,100,000 kwa lori mpaka Goli. Ukigawa kwa mabati 600 ni shilingi 3,500 kwa bati, yaani dola 1. Kwa hiyo bei ni dola 11 Goli.

Hebu rudi uangalie alichokuwa nacho mtu wa Bunia kwenye ile barua ya kwanza. Shilingi 41,300 ni dola 11.80, na mzigo bado uko Kampala. Akiongeza usafiri wake, hata tufanye ni dola 1 ileile, anafika 12.80. Bei yetu kwa kweli ilikuwa 11. Alikataa bei ambayo haipo. Na tangu mwanzo wa hesabu hizi hakuna aliyepunguza bei ya kampani hata shilingi moja.

Dola hiyo 11 ina masharti mawili, nayo ni lazima yaingie kwenye barua. La kwanza ni idadi. Lori ni shilingi 2,100,000 likijaa au lisijae. Akiagiza mabati 200 tu, usafiri unakuwa shilingi 10,500 kwa bati, dola 3, na bei inapanda hadi 13. La pili ni siku. Dola ikishuka kutoka 3,500 hadi 3,400, zile dola 11 zinakuwa shilingi 37,400 badala ya 38,500, na kwa lori zima tunapoteza shilingi 660,000. Bei isiyo na tarehe ya mwisho ni deni ulilojiandikia mwenyewe.

Hapo nami niliongeza neno langu: asiahidi bei isiyo na VAT kabla ya kuniuliza. Mnunuzi akituma mtu wake achukue mabati dukani kwa fedha taslimu, ayapakie kwenye gari la abiria na kutokomea bila hati za forodha, Mamlaka ya Mapato itaniuliza mimi ile asilimia 18 iko wapi. Bei ya asilimia 0 inakwenda pamoja na mzigo wetu, wakala wetu wa forodha na karatasi zetu.

Hatua ya tatu: tafuta ushahidi mmoja ambao hauhitaji kuaminiwa

"Ubora wetu hauna mpinzani." Hajati aliisoma sentensi hiyo kwa uso wa mtu aliyeonja chai yenye chumvi. Kila muuza mabati huandika hivyo, pamoja na wale wanaogonga muhuri wa geji 30 kwenye bati la geji 32.

Kwa wasiokaa na mabati: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Ujanja wa sokoni ni kuuza jembamba kwa jina la nene, na mnunuzi wa jumla anaujua fika, kwa hiyo bei ya chini inamtia shaka kabla ya kumfurahisha. Ukimshushia bei bila kumwonyesha unene, umemthibitishia anachokishuku.

Hajati alimtuma kijana stoo na mikrometa. Akachagua bati moja jeupe, akabana ukingo wake bapa, si penye mkunjo wa wimbi, akapiga picha moja ambayo kipimo na muhuri wa bati vinaonekana pamoja. Ilimchukua mara kadhaa kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, na picha yenye ukungu haina maana hapa. Wala usipime bati la rangi, maana rangi nayo ina unene wake, na mnunuzi mjuzi atakuambia umempimia rangi. Kisha picha ikapunguzwa ukubwa mpaka ikawa chini ya megabaiti moja. Lile faili la megabaiti 14 likatupwa. Mtu aliyesimama kwenye duka lenye mtandao wa kusuasua hafungui orodha ya bidhaa ambazo hakuuliza.

Hatua ya nne: andika, kisha futa hofu

Kijana aliandika rasimu yake ya pili. Ilianza hivi: "Mheshimiwa, samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza. Natumaini hutakasirika nikikuandikia tena. Tunaelewa kabisa hali yako na tuko tayari kupunguza bei kadiri utakavyoona inafaa."

Adabu ni nzuri, na Hajati ndiye wa kwanza kuidai. Ila hizi sentensi tatu si adabu, ni woga, na woga una gharama inayohesabika. Ya mwisho imempa mnunuzi kalamu aandike bei mwenyewe. Na zote tatu zinamhusu mwandishi: anavyojisikia, anavyotumaini, anavyoogopa. Mtu wa Bunia anasubiri namba.

Njia ya Hajati ya kufuta ni rahisi. Chukua kila sentensi uulize: akiisoma, anajua nini ambacho hakukijua? Kama hajui kitu kipya, itoke. Salamu inabaki, kwa sababu bila salamu huku kwetu hujaanza kuzungumza, lakini ni mstari mmoja. Sifa za kampani zilitoka. Misumari na mabomba yalitoka, ingawa kijana aliyatetea sana: "Lakini Hajati, labda anahitaji misumari." Labda. Akinunua mabati atauliza misumari mwenyewe. Bidhaa tano kwenye barua moja humfanya mtu aahirishe zote tano.

Mada nayo ilibadilishwa. Kuna ubishi hapa, kwa sababu kwenye Gmail ukibadilisha mada ya jibu, mazungumzo yanakatika na barua inakuwa mpya. Wengine wanapenda kubaki kwenye mazungumzo yaleyale ili mnunuzi akumbuke. Hajati alisema mada ya herufi kubwa na alama tatu za mshangao haifai kukumbukwa. Jibu, badilisha mada, acha maneno yake yabaki chini ya barua, na umtajie alichosema kwenye sentensi ya kwanza. Namuunga mkono.

Mwisho wa barua panahitajika swali moja, na swali lenyewe liwe dogo kiasi cha kujibiwa kwa simu huku mtu akimhudumia mteja. "Utuambie unahitaji nini" si swali, ni kazi ya nyumbani. Kijana alipendekeza "Je, ungependa kuagiza?" Hilo nalo ni kubwa mno kwa mtu aliyekukataa asubuhi ileile. Walizunguka hapo kwa muda, mpaka Hajati akarudi kwenye ile bei iliyoko kichwani mwa mnunuzi. Hiyo ndiyo ya kuuliza.

Barua iliyotoka:

> Mada: Geji 30, mita 3: dola 11 hadi Goli
>
> Habari za kazi, Papa.
>
> Ulisema bei yetu iko juu, na kwa ile niliyokuandikia ulikuwa na haki. Ilikuwa na VAT ya Uganda ambayo mzigo wa kuvuka mpaka hautozwi.
>
> Bei ya bati jeupe geji 30, mita 3, ni dola 11 kwa bati, likiwa limefika Goli pamoja na hati zote za kutoka Uganda. Ni kwa lori la mabati 600. Ushuru na karatasi za upande wa Mahagi ni zako. Bei hii inasimama hadi Ijumaa.
>
> Picha hii inaonyesha unene wa bati tulilopima stoo.
>
> Najua una mtu anayekuletea, na sikuombi umwache. Naomba kujua jambo moja: anakufikishia bati la unene huu Goli kwa chini ya dola 11? "Ndiyo" au "hapana" inanitosha.

"Papa" limewekwa makusudi. Ndivyo mzee wa biashara anavyoitwa kwa heshima upande ule. "Mheshimiwa" linanuka ofisi ya serikali.

Angalia pia kwamba barua inakiri kasoro ya bei kwa nusu sentensi na kuendelea. Kijana alitaka kueleza aya nzima jinsi kosa lilivyotokea, nani alimpa orodha ipi. Mnunuzi hana haja na habari za ndani ya duka lenu.

Hatua ya tano: tuma, kisha ondoa mkono

Walituma siku iliyofuata, asubuhi, maduka yakiwa yamefunguliwa lakini malori hayajaanza kushusha. Hajati hatumi bei jioni. Jioni mtu anahesabu mauzo yake na hataki namba za mwingine.

Kuna majibu matatu ya kutarajia, na alimwandalia kijana la kufanya kwa kila moja. Akijibu "ndiyo", maana yake mshindani wetu yuko chini ya 11. Shukuru, iandike bei hiyo kwenye daftari la soko, na usishuke kumfuata mpaka ujue bati lake ni la unene gani. Akijibu "hapana", usimtumie ankara. Muulize mzigo wake unaofuata unaingia lini. Akinyamaza mpaka Ijumaa, mwandikie mstari mmoja tu kwamba bei imefika mwisho wake na utampa mpya akihitaji, kisha muache. Barua ya nne na ya tano za "nakukumbusha tu" ndizo zinazowafanya watu wafunge anwani.

Alijibu kesho yake mchana, na halikuwa lolote kati ya hayo matatu: "Goli au Mahagi mjini? Na geji 32 mnayo?"

Kijana aliruka kitini. Kabla hajatua alikuwa ameshalitafuta lile faili la megabaiti 14. Hajati akamshika mkono.

"Ameuliza mangapi?"

"Mawili."

"Jibu mawili."

La kwanza ni Goli, kwa sababu zilezile zilizo kwenye barua: ng'ambo ni forodha ya Kongo, na anayeahidi kuvusha mzigo pasipo leseni yake anaahidi cha mwenzake. La pili lilimfanya Hajati atabasamu. Mtu aliyeandikiwa geji 30 akaulizia 32, huenda 32 ndiyo anayoletewa. Kama ni hivyo, ile "bei iko juu" ya kwanza alikuwa analinganisha bati letu nene na bati jembamba la mwenzetu, na kosa la VAT lilikuwa nusu tu ya tatizo. Lakini hilo usimwambie. Mpe bei ya geji 32 kwa umbo lilelile, dola, Goli, lori la 600, tarehe ya mwisho, na chini yake rudia ile ya geji 30, mistari miwili ikifuatana. Ataziona mwenyewe.

Kijana akavuta kiti kwenye meza yangu, akaniuliza bei ya geji 32 bila VAT ni ngapi. Nikamsukumia orodha ya dukani, nikamwambia agawanye.